Anayekutazama Amefikaje Hapo?

Mwenye chaneli akifungua YouTube Studio, jicho lake hukimbilia namba kubwa iliyo juu: video zimetazamwa mara ngapi ndani ya siku 28. Ikiwa imepanda anafurahi, ikiwa imeshuka ananuna, kisha anafunga simu na kwenda kurekodi kile alichokwisha kukipanga. Wanaojitahidi zaidi hushuka hadi kwenye umri na jinsia, wakakuta kwamba wengi wa watazamaji wao ni wanaume wa miaka 25 hadi 34, wakaamua kuanzia hapo kutengeneza video za vijana wa kiume. Namba ya kwanza haisemi lolote kuhusu video ijayo. Ya pili, ikisomwa peke yake, humpoteza kabisa anayeifuata.

Jedwali linalostahili kufunguliwa kwanza ni lile linaloonyesha watazamaji walifikaje kwenye video. Kwenye Studio linaitwa Traffic source, na kila mstari wake ni kundi la watu waliokuja na haja tofauti. Mmoja aliandika swali kwenye kisanduku cha kutafutia. Mwingine alifungua YouTube bila kutafuta chochote, akaona kava ya video yako ukurasa wa mwanzo. Wa tatu alitumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watatu hawa wanaweza kuwa na umri mmoja na kuishi mtaa mmoja, lakini video itakayomrudisha wa kwanza sio itakayomrudisha wa pili. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kuuliza kwanza wamefikaje, kisha wamekaa kwa muda gani, na mwisho ndipo uulize ni akina nani.

Ili tuone jambo hili linavyofanyika, tuchukue chaneli ya mfano. Namba nitakazotumia ni za kufundishia, ila majina ya vipengele ni yale yale utakayoyakuta kwenye skrini yako. Chaneli hii iko Morogoro na inahusu ufugaji wa kuku wa kienyeji na chotara. Ina video 60 na waliojisajili 6,200. Mwenye chaneli ana mchana mmoja tu wa kurekodi kila wiki, kwa hiyo akikosea kuchagua mada amepoteza wiki nzima.

Haja nne, mistari minne

Hatua ya kwanza ni kubadili kipindi. Studio huonyesha siku 28 bila kuulizwa, lakini kwa chaneli ndogo muda huo ni mfupi. Video moja iliyobahatika inaweza kuufunika mwezi mzima. Mfugaji wetu anachagua siku 90. Kisha, akiwa kwenye kompyuta, anabonyeza Advanced mode na kuchagua Traffic source. Anakuta video zake zimetazamwa mara 40,000, zikiwa zimegawanyika hivi.

YouTube search, yaani waliotafuta kwa maneno, wametazama mara 16,800. Browse features, yaani waliokutana na video kwenye ukurasa wa mwanzo wa YouTube au kwenye ukurasa wa chaneli walizojisajili, mara 7,200. Suggested videos, waliopendekezewa pembeni au baada ya video nyingine, mara 6,000. External, waliotoka nje ya YouTube kupitia WhatsApp, Facebook au Google, mara 5,600. Zilizobaki 4,400 zimetawanyika kwenye vyanzo vidogo kama orodha za video, arifa na ukurasa wa chaneli yenyewe.

Kwa kuangalia hesabu hiyo tu, mtu atasema: watu wananitafuta, nitengeneze video za kutafutwa, na niendelee kusambaza viungo WhatsApp kwa sababu mara 5,600 sio haba. Lakini safu ya pembeni, inayoitwa Average view duration, inaonyesha mtazamaji wa kawaida alikaa kwa muda gani. Waliotafuta walikaa dakika 2 na sekunde 10. Wa ukurasa wa mwanzo walikaa dakika 4 na sekunde 40. Waliopendekezewa, dakika 3 na sekunde 50. Waliotoka nje, dakika 1 na sekunde 5.

Sasa zidisha. Waliotafuta wametoa takribani saa 607 za kutazama. Wa ukurasa wa mwanzo, ambao hata nusu ya hao hawafiki, wametoa saa 560. Makundi mawili yaliyoonekana kupishana sana yako karibu sawa. Wa nje, pamoja na wingi wao, wametoa saa 101 tu. Hii si hesabu ya kujifurahisha. Tangu mwaka 2012 YouTube iliacha kupendekeza video kwa kuhesabu tu mibonyezo na kuanza kuupa uzito muda ambao watu wanautumia kutazama. Isitoshe, anayetaka kulipwa fungu lake la matangazo ya video ndefu anatakiwa kuwa na waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kama njia yake si ya video fupi. Mfugaji aliyekuwa akipoteza jioni zake kusambaza viungo kwenye makundi ya WhatsApp amekuwa akivuna sehemu ndogo kuliko zote.

Hata hivyo, asiharakishe kusema kwamba waliotafuta ni watazamaji wabaya kwa sababu wanaondoka mapema. Mtu anayetafuta ni kama aliyeingia duka la dawa: anataka kitu kimoja, akikipata anaondoka, na hana sababu ya kukaa kupiga soga. Dakika mbili zinaweza kuwa dalili kwamba amejibiwa vizuri, na zinaweza pia kuwa dalili kwamba hakujibiwa kabisa. Wastani peke yake hautofautishi hayo mawili. Kinachotofautisha ni maneno yenyewe aliyoyaandika.

Maneno waliyoyaandika wao

Ukibonyeza mstari wa YouTube search, Studio hufungua orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kufika kwako, na mbele ya kila neno kuna idadi na muda waliokaa. Kwa mtu anayetafuta mada ya wiki ijayo, sijui ukurasa wenye faida kuliko huu.

Mfugaji wetu anakuta juu kabisa “ratiba ya chanjo za kuku”. Waliofika kwa maneno hayo wamekaa dakika 3 na sekunde 20 kwenye video ya dakika 6. Hapo hakuna neno: waliomba ratiba, wamepewa ratiba. Chini yake kuna maneno ambayo hakuwahi kuyaandika kwenye kichwa chochote: “kuku anaharisha kinyesi cha kijani”, “kifaranga anasinzia na kushusha mabawa”, “kuku anaharisha damu”. Hawa wote wameletwa kwenye video ile ile ya ratiba ya chanjo, kwa sababu ndani yake alitaja kideri na gumboro kwa kupita. Wamekaa sekunde 40 hivi, wakaondoka.

Tofauti kati ya sekunde 40 na dakika 3 ndani ya video moja ndiyo habari yenyewe. Video haina kasoro. Watu hawa wana kuku mgonjwa bandani, na wamekutana na mtu anayeeleza chanjo ya siku ya saba. YouTube imewaleta hapo kwa kukosa kitu bora cha kuwapa. Hilo ni ombi la video mpya, tena limeandikwa kwa mkono wa mtazamaji mwenyewe: kinyesi cha kuku, rangi zake tatu, na kila rangi inaashiria nini.

Tazama pia lugha yao. Mtaalamu angeita video hiyo kwa jina la ugonjwa. Lakini mwenye kuku mgonjwa hajui jina la ugonjwa; angelijua asingekuwa anatafuta. Anaandika anachokiona. Kwa hiyo kichwa cha video kitataja kinyesi cha kijani, cheupe na chenye damu. Majina kama kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, yatakuja ndani ya maelezo. Na kwa kuwa mtafutaji hana subira, jibu linakaa ndani ya dakika ya kwanza: kinyesi cha kijani pamoja na kuku kuzubaa na kupinda shingo ni dalili za kutilia shaka kideri, ugonjwa usio na tiba bali kinga ya chanjo, kinyesi chenye damu kwa vifaranga mara nyingi ni ugonjwa wa kuhara damu, ambao una dawa, na kwa vyovyote daktari wa mifugo aitwe kabla banda halijaisha. Maelezo marefu yanafuata baada ya hapo, kwa atakayependa kubaki.

Kanuni inayopatikana hapa ni fupi. Neno linaloleta watu wengi wanaokaa muda mrefu limekwisha kujibiwa, usilirudie. Neno linaloleta watu wengi wanaoondoka haraka ni video ambayo bado hujaitengeneza. Na neno linaloleta watu watatu kwa miezi mitatu, liache hata kama linakuvutia.

Jirani zako ni akina nani

Mstari wa Suggested videos nao hufunguka. Ndani yake kuna orodha ya video ambazo zilikuwa zikitazamwa wakati ya kwako ilipopendekezwa. Swali la kwanza ni kama video hizo ni zako au za wengine. Zikiwa zako, maana yake mtu akimaliza moja anaendelea na nyingine, na mfululizo wako unafanya kazi. Zikiwa za wengine, umepata kujua YouTube inakuweka karibu na nani.

Kwa mfugaji wetu, video nyingi zilizomletea watu zinahusu hesabu: kuku 100 wanahitaji mtaji gani, gunia la chakula linakwisha kwa siku ngapi, faida inaanza kuonekana mwezi wa ngapi. Anarudi kwenye mstari wa Browse features, anauweka kama kichujio, kisha anaangalia ni video zipi zake zinazotazamwa zaidi kupitia njia hiyo. Tatu za kwanza ni zile ambazo aliwafuata vifaranga wale wale 100 tangu walipofika ndani ya boksi hadi walipoanza kutaga. Alizitengeneza kwa kujaribu, akaziacha katikati kwa sababu zilipotoka hazikutafutwa sana.

Hapa chaneli imegawanyika mara mbili mbele ya macho yake. Kuna watu wenye kuku mgonjwa leo, wanaokuja kwa kutafuta na kuondoka. Kuna watu wanaopanga mradi, ambao hawatafuti chochote ila wakiona sehemu inayofuata ya hadithi wanabonyeza na kukaa. Kundi la kwanza huleta sura mpya, la pili hurudi. Kwenye ukurasa wa Audience, Studio huwatenga watazamaji wapya na wanaorudi, na siku alizotoa sehemu mpya ya vifaranga wale ndizo siku ambazo mstari wa wanaorudi ulipanda.

Sasa ndipo tuulize ni akina nani

Tukifika hapa, umri, jinsia na nchi zinaanza kuwa na maana, kwa sababu tunaweza kuuliza juu ya kundi moja moja badala ya kuchanganya wote kapuni.

Lakini kwanza tujue namba hizi zinatoka wapi. Umri na jinsia huhesabiwa kwa watu waliotazama wakiwa wameingia kwenye akaunti. Kinachohesabiwa ni akaunti, na kinachoaminiwa ni kile alichojaza mwenye akaunti. Simu ya baba ikitumiwa na mama kutazama namna ya kuchanganya chakula cha kuku, Studio itaandika mwanamume wa miaka 35 hadi 44. Mtoto wa miaka 9 akitazama katuni kwenye simu ya mama yake, itaandika mwanamke mtu mzima. Na kundi likiwa dogo mno, Studio huficha mistari yake au huonyesha kiasi tu, ili mtu asitambulike.

Mfugaji wetu anaona wanaume asilimia 68. Angeishia hapo, angeanza kuzungumza na wanaume. Anapoangalia video moja moja, anakuta ile ya kuchanganya chakula nyumbani kwa pumba, mashudu na dagaa ina wanawake asilimia 51, na hilo halimshangazi anayejua vijiji vyetu, ambako kuku wa kienyeji wa nyumbani kwa kawaida ni mali na kazi ya mama. Hatujui ni wangapi zaidi walitazama kwa simu ya mume. Uamuzi unaotokana na hapo si wa kubadili mada. Ni kuacha kumwita mtazamaji “kaka” kila baada ya sentensi mbili, na kupima chakula kwa kopo na debe badala ya mizani ambayo nyumba nyingi hazina.

Nchi nazo zina mtego wake. Tanzania ni asilimia 58, Kenya 21. Mara 8,400 kutoka Kenya ni nyingi, na kishawishi ni kuanza kutaja bei kwa shilingi za Kenya. Anabonyeza Kenya na kuangalia video zilizotazamwa huko. Mara 5,000 kati ya hizo 8,400 ni za video moja tu, ya mashine ya kutotolesha mayai. Ukiitoa hiyo, Kenya inabaki na 3,400, yaani chini ya asilimia 10 ya hesabu yote ya chaneli, zikiwa zimesambaa kwenye video 59. Kwa hiyo hana hadhira kubwa ya Kenya. Ana video moja iliyopendwa Kenya, na jambo hilo ni dogo kuliko lilivyoonekana. Anachoweza kufanya ni kutengeneza ya pili kuhusu zile siku 21 za kuatamia kwa mashine, akitaja joto, unyevu na kugeuza mayai, vitu ambavyo havibadiliki mpakani Namanga, kisha aone kama Wakenya watarudi. Wakirudi, ndipo azungumzie bei zao.

Kinyume chake ni mstari ambao angeweza kuuruka kwa udogo wake. Saudi Arabia na Oman kwa pamoja ni asilimia 5, yaani mara 2,000. Lakini wanakaa wastani wa dakika 6 na nusu, na hiyo ni kama saa 217, zaidi ya mara mbili ya saa zote zilizoletwa na viungo vya WhatsApp na kwingineko nje. Wanachotazama ni mfululizo wa vifaranga 100 na video ya kusimamia mtu uliyemwachia banda. Maswali wanayoyaandika yanaeleza mengine: wako kazini Ughaibuni, wanatuma fedha nyumbani, na wanataka kujua kama gunia mbili za chakula kwa wiki ni matumizi ya kweli au wanaibiwa. Hapo njia waliyofikia, muda waliokaa na mahali walipo vinasema kitu kimoja. Ushahidi wa namna hiyo ndio wa kuufanyia kazi, hata kama namba yake ni ndogo.

Mahali ambapo namba hudanganya

Kuna makosa matatu ambayo hata wazoefu huyafanya, na yote yanatambulika mapema.

La kwanza ni kuchanganya video fupi na ndefu. Shorts hufika kwa watu kupitia mkondo wake, ambao Studio huuita Shorts feed. Tangu tarehe 31 Machi 2025 zinahesabiwa kuwa zimetazamwa kila zinapoanza kucheza au kurudiwa, bila sharti la muda. Shorts moja ikivuma, inaweza kubadili umri, nchi na wastani wa chaneli nzima ndani ya siku mbili, huku wasioonekana tena wakiwa wengi kuliko waliobaki. Kabla ya kusoma chochote, chuja kwa aina ya video, na uzisome mbali mbali.

La pili ni kuogopa kushuka kwa kiwango cha kubonyeza. Studio hueleza kava yako imeonyeshwa mara ngapi na asilimia ngapi ya mara hizo ilibonyezwa. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10. Video mpya huanza kuonyeshwa kwa watu wanaokufahamu, na hao hubonyeza kwa wingi. Ikifanya vizuri, inapelekwa ukurasa wa mwanzo wa watu wasiokujua, na asilimia inashuka. Ukiona imeshuka kutoka 8 hadi 4 huku kava ikionyeshwa mara nyingi zaidi na muda wa kutazama ukibaki pale pale, usibadili kava; video inasafiri. Ikishuka huku idadi ya kuonyeshwa nayo ikishuka, hapo kava au kichwa kimeshindwa.

La tatu ni saa ya kuweka video. Ukurasa wa Audience una mchoro unaoonyesha watazamaji wako huwa YouTube saa ngapi kila siku. Wengi huusoma kama amri. Mchoro huo unafaa kwa anayetaka kurusha matangazo mubashara au kuwakuta watu kwenye saa ya kwanza. Kwa video ya kinyesi cha kuku, ambayo itatafutwa mwaka mzima kila banda litakapougua, kuiweka saa mbili usiku au saa nne asubuhi hakubadili kitu, na YouTube yenyewe haidai kwamba saa ya kuweka video huamua mafanikio yake ya muda mrefu.

Video mbili, vipimo viwili

Mfugaji wetu sasa anaamua. Wiki ya kwanza anarekodi kinyesi cha kuku, kwa ajili ya wanaotafuta. Wiki ya pili anaufufua mfululizo wa vifaranga 100, akianza na sehemu ya gharama halisi za mwezi mmoja, zikiwa na kiasi cha chakula kwa wiki, kwa ajili ya wanaopanga, wakiwemo wale wa Saudi Arabia na Oman. Mwisho wa video ya kwanza anaweka kiungo cha kwenda kwenye mfululizo, kwa sababu mwenye kuku aliyepona leo anaweza kuwa mwenye mradi kesho. Waliopita hapo wataonekana kwenye mstari wa End screens. Watakuwa wachache, na si ajabu.

Baada ya siku 28 anarudi kukagua, na hapa ndipo wengi huvuruga kazi yao: hupima video zote kwa kipimo kimoja. Video ya kinyesi ataipima kwa kufungua YouTube search na kuangalia maneno yale yale. Kama “kuku anaharisha kinyesi cha kijani” sasa inaleta watu kwenye video mpya, na sekunde 40 zimekuwa dakika 2, imefaulu, hata kama haijapata mtu mmoja kutoka ukurasa wa mwanzo. Ya gharama ataipima kwa Browse features, kwa idadi ya wanaorudi na kwa muda wa kukaa. Kama haikutafutwa na mtu yeyote, hilo si kosa lake. Akibadilisha vipimo, zote mbili zitaonekana zimefeli, naye ataacha kitu kilichokuwa kikifanya kazi.

Na kama video ya kinyesi imepata watu lakini wengi wameondoka kabla ya sekunde 30, atafungua mchoro wa Key moments for audience retention na kutazama mahali mstari ulipoporomoka. Mara nyingi ni kwenye salamu, nembo na maombi ya kusabskraibu. Hayo yakatwe, jibu lisogezwe mbele.

Kwa chaneli ya ukubwa huu, kazi yote niliyoieleza ni ya saa moja kwa mwezi, na haihitaji kulipia kitu. Anayetengeneza video asitafute “hadhira” kwa jumla. Achague kundi moja ambalo anajua lilifikaje, lilikaa kwa muda gani na lilikosa nini, kisha alitengenezee hicho lilichokikosa. Umri na jinsia vitamsaidia kuchagua maneno na vipimo. Mada ataipata kwenye njia waliyopita watazamaji wake.